Daftari la kuchelewa

Jumapili iliyopita nilikaa kwa mama, Mbagala, nikiangalia pilau inapoa. Tulikubaliana saa 7 mchana. Baba Neema alifika saa 10 kasorobo, akasema foleni. Mimi niliyepita njia ileile nilijua barabara ilikuwa nyeupe. Mama hakusema kitu, alifunika tu sufuria tena, na kimya kile kiliniuma kuliko maneno.

Kwa miaka 6 nimeamini ananidharau. Miezi miwili iliyopita nilianza kuandika nyuma ya daftari la matumizi: tumepanga nini, saa ngapi, kafika saa ngapi. Nilitaka ushahidi. Nilichopata kimenivuruga, kwa sababu mechi ya Simba aliyoisubiri wiki nzima nayo aliichelewa, na basi la kwenda kwao Tanga lilimwacha tiketi ikiwa mkononi. Huko alikuwa akimdharau nani?

Asubuhi moja nilimhesabia bila kumwambia. Alisema, "Dakika 20 niko Kariakoo." Njia ikiwa wazi, mwendo wenyewe ni dakika 20 kweli. Ila alitafuta funguo dakika 8, akarudi kuchukua simu, akasimama kumsalimia fundi jirani, akasubiri daladala. Ikawa saa nzima na dakika 5. Wala hakuwa anadanganya. Anahesabu mwendo, yanayoutangulia hayaoni. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: tukikadiria kazi, tunawaza namna itakavyokwenda vizuri, hatukumbuki ilichukua muda gani mara zilizopita. Siku hizi tunapanga kwa kurudi nyuma, kuanzia saa ya kufika hadi saa ya kuingia bafuni. Kliniki ya mtoto juzi alichelewa dakika 10 tu.

Lakini daftari lilikuwa na jambo jingine. Kuchelewa anachelewa kote. Kusahau kabisa kulitokea mara 3, na zote zilikuwa safari za kwa mama. Hapo funguo zilizopotea hazinielezi kitu.

Jana usiku, Neema akiwa amelala, nilimuuliza taratibu, "Kwa mama pana nini?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu. "Mama Neema, nikikanyaga pale naiona ile mahari niliyobakiza. Wajomba zako hawasemi, lakini mimi naisikia."

Laki 4. Mimi nilishasahau kama kuna deni.

Nimemwonea huruma, na bado nina hasira. Miaka 6 nimelala pembeni yake bila kulijua hili, na mama anaamini mkwewe hamthamini. Tumekubaliana ataanza na laki 1 mwisho wa mwezi, na ataipeleka mwenyewe. Kabla ya hapo atampigia mama amwombe radhi kwa ile Jumapili.

Alisema atapiga leo saa 1 jioni. Sasa inakaribia saa 2. Yuko uani, simu mkononi, anakwenda na kurudi.