Siku yangu na tan, sec na cot hapa Busia

Saa 12 asubuhi niko kwenye boda, Busia hii ya upande wa Uganda, na kichwani nina daftari la kijana mmoja wa Sinia Faivu. Ameandika derivativu ya tan x, ambayo ni sin x / cos x, kuwa cos x / (−sin x), yaani amedifarenshieti sin peke yake, cos peke yake, halafu akagawanya. Kila mwaka nalikuta hili kosa.

Saa 2 kipindi. Nikaandika jibu lile ubaoni bila kusema ni la nani, nikauliza kwenye 45° linatoa ngapi. Wakasema −1. Haya, toeni kalkuleta: tan 45° ni 1, tan 46° ni 1.0355. "Inapanda, ticha." Sasa derivativu ni mteremko, kitu kinachopanda kinapataje mteremko hasi? Kimya, kijana anatazama daftari lake. Binti mmoja akasema mteremko basi ni 0.0355, ikabidi nimkumbushe kwamba derivativu ya sin kuwa cos ni ya radiani tu, na digrii 1 ni radiani 0.01745, ndo akagawanya akapata kama 2.03.

Saa 3 tukaingia kwenye kanuni yenyewe ya kugawanya: ya chini mara derivativu ya juu, TOA ya juu mara derivativu ya chini, vyote juu ya ile ya chini mraba.

(cos x · cos x − sin x · (−sin x)) / cos² x

Hasi mbili zinakuwa chanya, juu inabaki cos² x + sin² x ambayo ni 1, kwa hiyo 1/cos² x, yaani sec² x. Kwenye 45° cos² ni nusu, jibu 2 kamili. Ile 2.03 imezidi kidogo kwa sababu tan inazidi kukaza mlima kadiri unavyoelekea 46°.

Saa 4 na nusu chai na roleksi.

Saa 8 sec x, ambayo ni 1 / cos x. Hapa wengi wanaiacha 1 ibaki 1, kumbe derivativu yake ni 0, kipande cha kwanza kinakufa chote, kinabaki sin x / cos² x, ukiitenganisha ni sec x · tan x.

Cot x nikawaachia wenyewe, cos x / sin x. Mpangilio ndo unaua watu hapo, ukianza na ya juu alama zote zinageuka unapata chanya. Ukienda sawa juu ni −sin² x − cos² x, jibu −1/sin² x.

Saa 11 nafunga begi, kijana wa asubuhi akanifuata mlangoni na daftari. Hakurudia 45° yangu, amechukua cot 60° na cot 61°, 0.5774 na 0.5543, amegawanya kwa 0.01745 amepata −1.32, na pembeni kwa penseli: kanuni inasema −4/3.