Siku moja maishani mwangu: mtumba, mtaji wa elfu arobaini

Saa 11 alfajiri nipo kwenye daladala naenda Karume, Ilala. Nawahi kwa sababu wanafungua marobota asubuhi, na wa kwanza kuchagua ndo anapata blauzi za kueleweka. Bei ya asubuhi imechangamka ila mchana ikishuka unakuta yamebaki yale wenzio waliyoyashika wakayarudisha.

Saa 12 na nusu robota linakatwa, watu wanavamia. Mi siangalii rangi kwanza, naenda kwapani na kwenye kola, maana doa la jasho likishakomaa halitoki hata uloweke usiku kucha, halafu naiinua juani nione matobo. Kama ina lastiki naivuta sikioni: ikilia kama karatasi imekufa hiyo, ukifua mara moja inalegea na mteja anakurudishia. Mikoba ya ngozi bandia naikunja kwenye mshono, ikianza kumenyeka naiacha hata ikiwa mpya kiasi gani.

Kuna kaka mmoja anauza elfu tatu na mia tano, lakini ukilipa tu hakujui. Mi nachukua kwa dada wa elfu nne, yeye ukikuta kasoro nyumbani unamrudishia kesho yake anakubadilishia. "Mdogo wangu, irudishe ila usiifue," ananiambiaga. Kwa mtaji wangu hiyo mia tano ni bima, blauzi moja mbovu inakula faida ya nzima.

Nabeba nane, 32,000. Nauli na mizigo 3,000, sabuni, mkaa wa pasi na vifungo 3,000. Jumla 38,000.

Saa 4 nafua, saa 8 napiga pasi na picha mlangoni kwenye mwanga, naziweka stetasi na vipimo vya kifua na urefu, kwa sababu saizi ya kwenye lebo ya mtumba haiaminiki na bila vipimo utajibu "inanitosha?" mpaka usiku. Bodaboda analipa mteja, nalisema mapema.

Saa 12 jioni hesabu. Wengi wanaoanza wanasema nauza 9,000 nimenunua 4,000, faida elfu tano mara nane, elfu arobaini hiyo! Hapana. Katika nane mbili huwa zinagoma, naishia kuzitoa kwa elfu tatu tatu. Kwa hiyo sita kwa 9,000 ni 54,000, jumlisha 6,000, inakuja 60,000. Toa 38,000 unabaki na 22,000, na hapo sijajilipa kufua.

Ndo maana sokoni najiuliza kitu kimoja tu: zile sita zikiuzwa, zitarudisha hela ya zote nane? Kila moja ya sita inabidi ibebe kama 6,300. Kwa hiyo blauzi ambayo mtaani kwetu haivuki 7,000 siigusi hata dada akinipunguzia hadi elfu tatu na nusu. Leo zimetoka tatu, ya nne kaomba nimtunzie mpaka mshahara, nimemwambia atangulize elfu mbili.