Glasi zilizonuka shombo: jinsi nilivyotatua

Kwenye mgahawa wetu hapa Mikindani, glasi zilionekana safi, lakini ukinywa maji unasikia shombo la samaki. Tuliongeza sabuni, tukajaribu ndimu, shombo likarudi.

Kilichosaidia ni mpangilio. Sinki la kwanza lina maji ya sabuni yasiyopungua nyuzi 43: glasi kwanza, kisha sahani, masufuria mwisho, na maji yakionyesha mafuta tunayamwaga. La pili ni la kusuuza povu lote. La tatu lina maji ya nyuzi 77. Vyombo vinazama sekunde 30 ndani ya kikapu cha waya.

Jambo dogo lililomaliza kazi ni kuacha kufuta kwa kitambaa, maana kilihamisha mafuta ya sahani hadi kwenye glasi. Sasa zinakauka zenyewe kichanjani, zimepinduliwa. Wenye mashine ya kuoshea vyombo kwa maji moto, suuza ya mwisho ifike nyuzi 82.