Tiki Imebanduliwa, Soli Ikabaki Kusema

Kwa muda mrefu niliamini ushauri niliopewa na wauzaji wenzangu wa raba za mtumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, kwamba raba nyeupe isiyo na alama ikiwa na duara chini ya soli, sehemu iliyo nyuma kidogo ya vidole, basi hiyo ni Air Force 1 ya Nike. Ushauri huo ulinigharimu elfu arobaini na kitu. Nilinunua jozi ambayo mwenye nayo wa kwanza aliibandua tiki, ile alama ya Nike, na kuipaka rangi nyeupe kote, nikamwuzia mteja kwa jina hilo, naye akairudisha siku ya pili akisema, kwa heshima lakini kwa uchungu, "Kaka, hii ni Dunk." Nilimrudishia fedha yake yote.

Alikuwa na haki, kwa sababu Dunk, raba nyingine ya Nike iliyotoka mwaka 1985, nayo ina duara hilo, ambalo humsaidia mchezaji wa kikapu kugeuka. Mshono unaozunguka soli uko kwenye zote mbili, na kipande chenye matundu juu ya vidole kiko kwenye zote mbili. Hata vitundu vya sindano vilivyobaki pale tiki ilipong'olewa vilinionyesha kampuni tu, wala si aina ya kiatu.

Kinachozitenganisha ni unene. Air Force 1, iliyobuniwa na Bruce Kilgore mwaka 1982, ina mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya kisigino, hivyo soli yake ni nene kama ukuta, ilhali Dunk ya kawaida haina mfuko huo na hukaa chini zaidi. Sasa huziweka mbili sambamba mezani na kutazama visigino kwa ubavu kabla ya kugeuza soli.

Rangi ikiwa nzito, natumia njia niliyoigundua mwenyewe na ambayo naionea fahari sana: ninalaza karatasi nyembamba kwenye ubavu wa soli karibu na kisigino, kisha ninasugua penseli iliyolazwa, taratibu, kama watoto wanavyochora sarafu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, herufi A, I na R zilijitokeza moja baada ya nyingine kutoka chini ya rangi ambayo jicho langu halikuona kitu. Nikahamia ncha ya mbele, zikatokea nyota ndogo. Karatasi ile bado ninayo.

Hata hivyo, bandia nzuri nayo huwa na herufi na nyota, kwa hiyo penseli hainiambii kama kiatu ni halisi. Pia huchunguza mshono wa soli: nikiona safu mbili za matundu, najua fundi ameshabadilisha soli, na hapo soli hainithibitishii tena kiatu kilichoko juu yake.