Majaribio ya makala 20 yaliyookoa utafiti wangu

Niliambiwa na mtu aliyenitangulia chuoni kwamba majaribio ni kupoteza muda: fomu ya kusimba, yaani ya kuipanga kila makala katika makundi, ikishakamilika, anza kazi. Ningemsikiliza, ningesimba makala 240 za magazeti kuhusu mafuriko kwa kipimo kibovu.

Fomu yangu ilikuwa na mambo ya kawaida, kama tarehe, ukurasa na aina ya makala. Kilichonisumbua ni kipengele cha mwisho, "mtazamo wa habari": hasi au si hasi. Nilichukua makala 20 nje ya sampuli yangu, nikampa mwenzangu nakala, kila mmoja akasimba peke yake bila kuulizana. Tulikubaliana kwenye makala 16. Asilimia 80! Nilifurahi sana.

Msimamizi wangu akaniuliza, "Na kwa bahati tu mngekubaliana mara ngapi?" Nikarudi kuhesabu. Kila mmoja wetu aliandika "si hasi" mara 17 na "hasi" mara 3. Watu wawili wanaojaza hivyo bila hata kusoma wangekubaliana kwa 0.85 × 0.85 + 0.15 × 0.15, yaani 0.745. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kati ya wasimbaji wawili, huondoa hiyo bahati:

```
(0.80 - 0.745) / (1 - 0.745) = 0.22
```

0.22 ni ndogo mno. Makala tulizoziita hasi sote wawili ilikuwa moja tu, na hasi ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Tukakaa na zile makala nne tulizopishana, tukazisoma kwa sauti. Ya kwanza, kichwa chake kilisema wakazi wanawalaumu maafisa kwa mitaro iliyoziba, lakini aya zote zilizofuata zilieleza uokoaji na kiasi cha mvua. Mimi niliandika "hasi", yeye "si hasi". Ndipo tukagundua kwamba mimi nilihukumu kwa kichwa, yeye kwa habari nzima, na mwongozo wangu haukusema lolote juu ya hilo. Sote tulikuwa tumesoma vizuri. Swali ndilo lililokuwa na kasoro.

Nikalifuta neno "mtazamo", nikaweka maswali mawili ya ndiyo au hapana. Je, kichwa kinamtaja mtu au taasisi kuwa ndiyo yenye kosa? Je, aya tatu za kwanza zinafanya hivyo? Chini ya kila swali nikaandika mfano mmoja wa ndiyo na mmoja wa hapana, na kanuni kwamba "serikali" ikitajwa bila kulaumiwa ni hapana.

Majaribio ya pili hufanywa kwa makala mpya, maana zile za kwanza mmeshazijadili na mtakubaliana kwa kukumbuka. Kwa swali la kichwa tulikubaliana makala 18 kati ya 20: ndiyo 7, hapana 11. Tulipopishana, kila mmoja alisema ndiyo mara moja peke yake. Kapa ikapanda hadi 0.79, na siku ileile nikafungua makala ya kwanza ya sampuli halisi.