Aya tatu za katikati

Hii ilikuwa Desemba 2015, Tanga mjini. Nakaa Ngamiani kwa shangazi, kazi yangu ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi imeisha mwezi uliopita maana tajiri kaamua kumweka mtoto wa nduguye, na mimi nimerudi na tangazo la kazi nimelipiga picha kwa simu huko mjini. Wanataka karani wa ghala. Barua nimeshaandika usiku kucha, kesho yake niende stesheneri wakanitaipie, bas nikaona nimsomee shangazi kwanza, kwani yeye kastaafia masijala, barua za watu kazifungua na kuzigonga muhuri miaka mingi tu.

Alikuwa barazani na ungo anachambua mchele. Nikaanza, YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA GHALA, husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24... hapo alikuwa kimya, ilikuwa sawa, ndo tulivyofundishwa wote. Ila nilipofika katikati, kwenye ile aya moja ndeeefu inayojaza karibu ukurasa, kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma, nina uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, akaweka ungo chini.

"Hebu nisomee tangazo lenyewe mwanangu."

Nikamsomea. Sifa za mwombaji zilikuwa nane. Akaniambia kwa wanaochambua, mtu anakaa na rundo la bahasha na karatasi ya mistari, upande mmoja majina, juu zile sifa, kazi yake ni kutia tiki, stashahada anayo tiki, uzoefu anao tiki, na akiwa na barua mia hana muda wa kuitafuta stashahada yako ilikojificha katikati ya huo uchapakazi. "Asipoiona kwa haraka, anaweka kando. Si kwamba kakuchukia."

Tukazipitia zote nane. Cheti cha kuzaliwa na picha mbili za pasipoti, hizo ni za viambatanisho, kwenye barua hazina kazi. Mwaminifu, nadhifu, tayari kufanya kazi saa za ziada, hizo kila mtu anaandika na hamna wa kuzipima akiwa kakaa na karatasi tu. Zikabaki tatu zinazopimika: stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu usiopungua miaka miwili, na uwezo wa kutunza kumbukumbu za bidhaa kwa programu ya kompyuta ya ghala. Akasema haya, aya tatu, kila moja na chake, kwa mpangilio ule ule wa tangazo ili jicho lake lisirukeruke, na kila aya ianze na neno lao, wao wamesema stashahada usiandike diploma.

Ya kwanza ilikuwa rahisi, sentensi mbili. Nimehitimu stashahada ya ununuzi na ugavi Novemba 2013, nakala ya cheti nimeambatanisha. Mi nikataka niongeze fildi niliyofanya Julai na Agosti mwaka huo, akakataa, akaniuliza hiyo fildi ni elimu au uzoefu? Nikasema vyote. Akasema basi iende panapopungua.

Na kweli palikuwa panapungua, ndo hapo kwenye aya ya pili tulipokesha. Mimi nilikuwa nimeandika "nina uzoefu wa miaka miwili" kiulaini tu. Shangazi akanihesabisha kwa vidole, Februari 2014 hadi Novemba 2015, ni miezi 22. Nikamwambia shangazi miezi miwili nani ataiona, akacheka, akasema ataiona yule atakayesoma sivii yako akazikuta tarehe, na akishakukamata hapo hata stashahada ataanza kuitilia shaka. Kwahiyo tukaandika miezi 22, kisha fildi ya miezi miwili, na tukaiita mafunzo kwa vitendo waziwazi, wao wenyewe wajumlishe.

Halafu akauliza, sasa huko stoo ulikuwa unafanya nini? Nikasema kupokea na kutoa mizigo. Mizigo gani? Saruji. Mingapi? Lori moja mifuko 600. Nini kilikuwa kinaharibika? Hapo nikaanza kuongea kama niko kijiweni, maana si unajua unyevu wa huku kwetu, wapakiaji walikuwa wanapanga mzigo mpya mbele ya wa zamani na wateja wanatolewa wa mbele, ya nyuma inagusa ukuta, masika yakija inaganda mawe. Masika ya 2014 iliganda mifuko 14. Nikaanza kuandika tarehe kwa chaki kwenye kila rundo, nikaiweka yote juu ya mbao mbali na ukuta, iliyoingia kwanza inatoka kwanza, masika ya 2015 ikaganda 3 tu. Shangazi akanitazama. "Na hayo yote hukuyaandika, umeandika unajituma."

Ikawa hivi, naikumbuka mpaka leo:

"Kuhusu uzoefu usiopungua miaka miwili, nilitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi toka Februari 2014 hadi Novemba 2015 (miezi 22), na kabla ya hapo nilifanya mafunzo kwa vitendo ya miezi miwili kwenye ghala. Nilikuwa napokea saruji mifuko 600 kwa lori na kuitoa kwa utaratibu wa iliyoingia kwanza kutoka kwanza. Mifuko iliyoganda ilipungua kutoka 14 masika ya 2014 hadi 3 masika ya 2015."

Ya tatu nilitaka kudanganya, nasema ukweli. Programu ya ghala sijawahi hata kuiona, najua Excel tu. Shangazi akasema ukiandika unaijua watakukalisha mbele yake, na ukiiruka kabisa ile sehemu ya tiki inabaki tupu. Nikajaribu "Ingawa sina uzoefu wa programu za ghala...", akasema aa, umeanza na ulichokosa, mtu kashaweka mkasi. Anza na unachokifanya. Basi nikaandika kwamba kumbukumbu za bidhaa stoo nilikuwa nazitunza kwa Excel, kila jioni naingiza kilichoingia, kilichotoka na salio, programu maalumu ya ghala bado sijaitumia, na kila Jumamosi nilikuwa nalinganisha salio la kompyuta na hesabu ya mkono stoo. Kukosa kukakaa katikati, pembeni yake kazi.

Mwisho akachukua kipande cha gazeti akafunika barua, akaacha aya moja moja, akaniuliza hii inajibu sifa gani? Zote tatu zikajibu. Ile ndefu ya mwanzo tulipoijaribu ilikuwa haijibu kitu, na ndo niliyoipenda zaidi, ilikuwa na maneno mazuri.

Januari wakaniita intavyu. Walikuwa watatu, barua yangu iko mezani, imepigwa mstari wa kalamu chini ya 14 na 3. Mzee wa katikati hakuniuliza nieleze kuhusu mimi, aliniuliza, "Hii mitatu iliganda kwa nini?"

Nikamwambia bati lilivuja, ila jibu la pili lilikuwa refu kidogo, kwamba rundo lile nililipandisha juu mno na mifuko ya chini ikabanwa, na hilo kosa lilikuwa langu.