Sivii yangu bila asilimia
Jamani nimeandika sivii wiki nzima hapa Tanga, nilikwama pale kwenye mafanikio maana stoo ya vifaa vya ujenzi niliyofanya kazi Ngamiani miaka 2 hakuna aliyewahi kunipa ripoti. Rafiki akaniambia andika tu "niliongeza mauzo asilimia 30", nikakataa, kwenye intavyuu wakiuliza umeipataje najibu nini?

Nikakaa nikakumbuka vitabu vya delivari. Kitabu kina seti 50, kila delivari inatumia seti moja, na mimi ndo nilikuwa naenda kuomba kipya, kila baada ya wiki mbili hivi, kwahiyo ni kama 25 kwa wiki, ila msimu wa mvua za masika zilipungua sana kwahiyo nikashusha nikaandika "takribani delivari 20 kwa wiki". Tulikuwa watatu stoo, nikaandika watatu, na sikusema niliwasimamia maana sikuwasimamia. Kuhesabu mzigo nilifanya kila Jumamosi, hiyo nayo nikaiweka.

Upotevu wa saruji najua ulipungua lakini hatukuwahi kuurekodi, kwahiyo nimeandika tu nilichofanya: kulinganisha hesabu ya Jumamosi na daftari.